Kijito kinachojaa ghafla chini ya Loleza: grafu ya mwanao inathibitisha nini?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Mbeya, chini ya mlima Loleza, na nyumba yangu iko jirani na kijito. Zamani mvua ikinyesha maji yalipanda taratibu. Siku hizi yanakuja kwa kishindo, na mara mbili yameingia uani. Mwanangu wa kidato cha sita amepima mvua na maji ya kijito chetu, na siku hiyo hiyo rafiki yake akapima kijito cha pili kinachotoka upande wenye msitu na mashamba. Wamechora grafu mbili. Chetu kina kilele kirefu chembamba, cha wenzetu ni kifupi na kipana. Anasema huo ni uthibitisho kwamba nyumba na lami zilizojengwa juu yetu ndizo zinatuletea mafuriko. Anasema pia kwamba muda wa kuchelewa ni dakika 40, kwa hiyo tuna dakika 40 za kuondoka. Je, ni kweli? Na tukihamasishana kila nyumba iweke simtanki, tutapona?"*

Mama, pole sana. Namba za vijana wale nimezipitia moja baada ya nyingine, na wamefanya kazi safi. Kuhusu chanzo cha mafuriko, mwanao yuko sahihi kwa sehemu kubwa, ila uthibitisho hauko pale anapouonesha. Zile dakika 40 naomba mzifute vichwani kabla ya mvua nyingine, kwa sababu hamna dakika 40. Na simtanki ni jambo jema, lakini haziwezi kubeba mzigo mnaotaka kuzibebesha.

Nianze na jinsi mstari ule ulivyopatikana, maana watu wengi hukosea hapo hapo. Grafu ya mafuriko, yaani haidrografu, haichorwi kwa kina cha maji. Inachorwa kwa mtiririko: mita ngapi za ujazo zinapita mbele yako kila sekunde. Mwanao alipaka alama za rangi kwenye nguzo ya daraja la waenda kwa miguu, akasoma kina kila baada ya dakika 10. Kisha akawa anatupa kipande cha mbao mtoni na kuhesabu sekunde za kupita mita 20. Maji yalipofika juu kabisa, kina kilikuwa mita 1.2 na upana mita 4, kwa hiyo eneo la maji lilikuwa mita za mraba 4.8. Mbao ilikwenda karibu mita 3 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, ndiyo maana akazidisha kasi hiyo kwa 0.85 na kupata mita 2.55. Ukizidisha 4.8 kwa 2.55 unapata mita za ujazo 12.2 kwa sekunde. Hiki ndicho kilele cha mtiririko. Kwa njia hii ya mbao, kosa la sehemu moja ya tano juu au chini ni la kawaida, na hitimisho letu litabaki pale pale hata hivyo.

Kipimo cha kasi kina faida nyingine. Kama chini ya daraja kungekuwa na kalavati lililoziba kwa mifuko na matawi, maji yangepanda kwenye nguzo bila mtiririko kuongezeka, na mtu anayesoma kina peke yake angechora kilele ambacho hakipo. Dalili yake ni mbao kupunguza mwendo huku maji yakiendelea kupanda, au mstari kuwa bapa juu na kisha kuporomoka mara moja kizuizi kinapoachia. Kwenu mbao ilizidi kukimbia kadiri maji yalivyopanda, kwa hiyo kilele chenu ni cha kweli.

Sasa tuingie kwenye grafu yenyewe. Mvua ilianza saa 9:00 alasiri na kukatika saa 10:00, jumla milimita 30. Vijana waliweka makopo yenye kuta zilizonyooka, moja kila upande, na yote mawili yakatoa karibu kiasi kile kile. Hilo ni muhimu kwa Mbeya, kwa kuwa mvua zetu za radi za alasiri zinaweza kumwagika kwenye bega moja la mlima na kuacha la pili kavu. Kwa kila dakika 10 walipata milimita 3, kisha 8, 10, 5, 3 na 1. Ukitafuta kitovu cha mvua hiyo, yaani wakati ambao uzito wa mvua yote unasawazika, unaangukia saa 9:25. Kwenye kijito chenu kilele kilifika saa 10:05. Kutoka 9:25 hadi 10:05 ni dakika 40, na huo ndio muda wa kuchelewa. Mwanao aliupima vizuri. Wanafunzi wengi huanza kuhesabu pale mvua inapoanza, wakapata dakika 65, halafu wanalinganisha na grafu ya mtu aliyeanzia kwenye kitovu. Popote unapoamua kuanzia, anzia hapo hapo kwenye grafu zote mbili. Kwenye kijito cha upande wa msitu kilele kilifika saa 11:05 jioni, dakika 100 baada ya kitovu kile kile.

Hata hivyo, tofauti ya vilele peke yake haithibitishi kitu. Chenu kilifika 12.2, cha wenzenu kilifika 1.7. Kijito kinaweza kuwa na kilele kikubwa kwa sababu tu eneo linalomimina maji ndani yake, yaani dakio lake, ni kubwa zaidi. Kwa bahati nzuri vijana walipima kwenye ramani na kukuta kila dakio lina karibu kilomita za mraba 6. Yangetofautiana, wangepaswa kwanza kugawanya kila mtiririko kwa ukubwa wa dakio lake.

Uthibitisho unatafutwa chini ya mstari, kwenye eneo la grafu lenyewe. Hatua ya kwanza ni kuondoa maji ambayo yangepita hata mvua isingenyesha. Kabla ya saa 9 kijito chenu kilikuwa na mita za ujazo 0.2 kwa sekunde, na cha wenzenu 0.5. Huo ni mtiririko wa msingi, maji ya chemchemi yanayotoka ardhini polepole. Ukiutoa, maji ya mvua yenyewe yalifika kilele cha 12 kwenu na 1.2 kwa wenzenu. Ni mara 10.

Hatua ya pili ni kupata ujazo wa maji ya mvua yaliyopita. Kwa kuwa mistari yote miwili inakaribia umbo la pembetatu, kazi ni nyepesi: nusu ya kilele mara muda wote. Kwenu maji yalianza kupanda saa 9:15 na kurudi kawaida saa 11:45 jioni, dakika 150, yaani sekunde 9,000. Nusu ya 12 ni 6, mara 9,000 unapata mita za ujazo 54,000. Kwa wenzenu yalianza kupanda saa 9:45 na kutulia saa 2:45 usiku, dakika 300, yaani sekunde 18,000. Nusu ya 1.2 ni 0.6, mara 18,000 unapata mita za ujazo 10,800.

Milimita 30 juu ya kilomita za mraba 6 ni mita za ujazo 180,000. Kwa hiyo kwenye dakio lenu asilimia 30 ya mvua ilikimbilia mtoni jioni ile ile. Kwa wenzenu ilikuwa asilimia 6 tu, iliyobaki ikanywewa na ardhi au kukaa kwenye majani.

Hapa ndipo ninapomwomba mwanao akae chini na daftari lake. Kilele chenu ni mara 10 ya cha wenzenu, na mara 10 hiyo ina sehemu mbili. Maji yaliyokimbia ni mara 5 zaidi, 54,000 kwa 10,800. Na yamepita kwa nusu ya muda, dakika 150 badala ya 300. Tano mara mbili ni kumi. Yaani mnapata maji mengi zaidi, na maji hayo yanafika yakiwa yamebanana. Ni mambo mawili yenye visababishi viwili tofauti, na kila kimoja kina dawa yake.

Maji mengi zaidi yanatokana na ardhi iliyofunikwa. Udongo wa majivu ya volkano wa huku kwetu una matundu mengi na hunywa maji kwa kasi ya ajabu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960, watafiti walipima madakio mawili madogo katika safu ya milima ya Mbeya, moja la msitu na jingine la mashamba ya wakulima kwenye mteremko mkali. Walikuta kwamba kwenye mashamba maji yote ya mwaka yaliyotoka mtoni yaliongezeka, kwa kuwa mazao hunywa maji machache kuliko msitu. Lakini maji ya kukimbia juu ya ardhi yalibaki kidogo, hata mahali palipolimwa, kwa sababu udongo uliendelea kunywa. Nawasimulia haya kwa kuwa nasikia watu wakiwatupia lawama zote wakulima wa mlimani. Kwa udongo huu, jembe peke yake si mwenye kosa kubwa. Bati, saruji, lami na ua uliokanyagwa na kushindiliwa mpaka ukawa kama sakafu, hivyo ndivyo vinavyouzuia udongo kunywa. Katika zile dakika 10 za milimita 10, mvua ilikuwa inashuka kwa kasi ya milimita 60 kwa saa. Udongo wa shamba la viazi lenye matuta mazuri unaweza kuipokea. Ua ulioshindiliwa hauwezi.

Maji kubanana kunatokana na njia yanazopita. Maji yanayojipenyeza kwenye nyasi husogea sentimita chache kwa sekunde. Yakiingia kwenye mtaro wa zege wenye mteremko wa Mbeya, yanakwenda mita 2 au 3 kwa sekunde. Kila barabara mpya juu yenu imekuja na mtaro wake, na mitaro yote inaishia kwenye kijito chenu. Maji ya mtaa wa mbali, ambayo zamani yangefika wakati ya mtaa wa karibu yameshapita, sasa yanayakuta njiani na kupanda juu yake. Ndiyo maana mkono wa kupanda wa grafu yenu umesimama wima hivyo.

Kabla hamjaipeleka grafu mbele ya mtu yeyote, kuna mambo ambayo mpinzani mwenye akili atayauliza. La kwanza ni unyevu wa udongo. Mvua ya Novemba inakuta ardhi ina kiu. Mvua ile ile ikija Machi, baada ya wiki za kunyesha, inakuta udongo umeshajaa na kijito kinapanda hata bila nyumba hata moja. Nyinyi mmelinganisha jioni moja kwa jioni ile ile, kwa hiyo hapo mko salama. Mngelinganisha Desemba ya mwaka mmoja na Machi ya mwaka mwingine, hoja ingeanguka.

La pili ni umbo la madakio. Dakio lililotanuka kama kipepeo huleta maji yote kwa pamoja, na dakio refu jembamba huyaleta kwa foleni. Mteremko nao una neno lake. Sehemu ya tofauti ya muda kati ya dakika 40 na 100 inaweza kuwa ni ya mlima na si ya mji. Lakini umbo la dakio linabadilisha muda tu. Haliwezi kufanya mvua ile ile juu ya udongo ule ule itoe maji mara 5. Kwa hiyo mtu akiwauliza ushahidi uko wapi, muoneshe asilimia 30 na asilimia 6 kwanza, na vilele baadaye.

La tatu ni gumu kidogo kulikubali ukiwa na hasira. Hiyo mara 10 ni ya mvua ya milimita 30, mvua ya kawaida katika msimu wetu. Ikija ile mvua kubwa ya nadra, ya milimita 100 au zaidi, udongo wa msituni nao utashiba na kuanza kumwaga, na tofauti kati ya vijito viwili itapungua sana. Mji huongeza mafuriko madogo na ya kati kwa kiasi kikubwa, lakini mafuriko makubwa kabisa huyaongeza kwa kiasi kidogo. Hata mitaro yote ikirekebishwa, nyumba iliyo kando ya kijito itabaki na hatari yake.

Na mtiririko wenu mdogo wa msingi, ule wa 0.2, usiutumie kama ushahidi. Ni kweli kwamba maji yasiyoingia ardhini hayalishi chemchemi, kwa hiyo kijito cha mjini kinaweza kukonda wakati wa kiangazi. Lakini huenda kuna watu wanaochota au kumwagilia huko juu, na katika miji mingine mabomba yanayovuja huongeza mtiririko badala ya kuupunguza. Siku moja haitoshi kusema lolote.

Turudi kwenye dakika 40, maana hapa ni maisha ya watu. Muda wa kuchelewa unapimwa kutoka kitovu cha mvua mpaka kilele. Nyumba yako haisubiri kilele ndipo iingiliwe na maji. Kwenye daftari la mwanao imeandikwa kwamba maji yaligusa ukingo wa ua saa 9:47, mtiririko ukiwa karibu mita za ujazo 8. Kuna jambo la pili: kitovu cha mvua huwezi kukijua mpaka mvua imekwisha. Mtu aliyekaa barazani saa 9:25 hajui kama mvua kubwa imepita au ndiyo inakuja. Mvua nzito zaidi iliisha saa 9:30. Kutoka hapo mpaka maji kugusa ua ni dakika 17. Na kwa kawaida mkono wa kupanda hauendi kama mstari ulionyooka. Unaanza kwa kuvuta kidogo, kisha unaruka, kwa hiyo dakika za mwisho ndizo za hatari kuliko zote.

Kengele yenu iwe kopo la mvua na si kijito. Pakeni alama mbili kwenye kopo, na mmoja wenu alitazame kila dakika 10 mvua ya radi inapoanza. Likifika milimita 10 ndani ya dakika 20, watoto na wazee waondoke upande wa kijito saa ile ile, bila kusubiri kuona maji. Siku ile mngekuwa mmeondoka saa 9:20, dakika 27 kabla ya maji kugusa ua. Kuna siku mtaondoka bure na kurudi. Ni sawa. Mwezi Machi, ardhi ikiwa imeshiba, shusheni alama hiyo hadi milimita 6 au 7.

Dalili nyingine haimo kwenye grafu yenu, na naomba kila mtu nyumbani aijue. Mvua ikiwa inaendelea kunyesha kwa nguvu huku kijito kikipungua ghafla, msifurahi. Mara nyingi maana yake ni kwamba huko juu ukingo umeporomoka au magogo yamekwama, na maji yanajilimbikiza nyuma ya kizuizi. Kikiachia, linakuja wimbi la maji, matope na mawe ambalo halifuati grafu yoyote. Ondokeni wote, mpande juu, tena kwa pembeni na si kufuata kijito.

Kuhusu simtanki, tupige hesabu. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 30 linakusanya lita 3,000. Simtanki ya lita 1,000 inajaa mvua ikifika milimita 10. Angalia tena mvua ile: mpaka saa 9:20 zilikuwa zimeshanyesha milimita 11. Tanki zote zingekuwa zimejaa na kuanza kumwaga kabla tu ya zile dakika 10 nzito kuliko zote. Zingewakinga na mwanzo wa mvua, ambao haukuwa na madhara, kisha zikawaacha na kilele. Na hapo nimechukulia kwamba zilikuwa tupu, wakati kila mama anajua kwamba katikati ya masika tanki halikai tupu.

Linalofaa zaidi ni tanki kubwa, la lita 3,000 kwa paa kama hilo, likiwa na tundu dogo katikati ya ubavu wake. Nusu ya chini ni maji yenu ya matumizi. Nusu ya juu inajaa mvua ikinyesha, kisha inajimwaga polepole kwenye bustani kwa saa kadhaa baadaye, na siku inayofuata nafasi ipo tena. Hata hivyo mapaa ni sehemu tu ya tatizo. Barabara na nyua hazina gata.

Mkitaka kujua ukubwa wa kazi yenyewe, grafu inawaambia. Tuseme mnataka kilele cha maji ya mvua kishuke kutoka 12 hadi 6. Inabidi mshike kile kipande cha juu cha pembetatu, ambacho ni robo ya eneo lake lote, yaani mita za ujazo 13,500. Hiyo ni sawa na simtanki 13,500 za lita 1,000, zote tupu, zote zikijaa kwa wakati unaotakiwa. Au bwawa la kuchelewesha maji lenye kina cha mita 2 na ukubwa unaokaribia uwanja wa mpira. Kwenye mteremko wa Loleza eneo tambarare la namna hiyo ni adimu, na bwawa lililojengwa vibaya juu ya nyumba za watu ni hatari kuliko kijito chenyewe. Msijenge kwa nguvu za wananchi bila mhandisi. Hapo sina mzaha hata kidogo.

Kwa maoni yangu mahali pa kuanzia ni midomo ya mitaro. Ule muda uliopotea nusu nzima, huenda kwa sehemu kubwa umepotea kwa sababu mitaro inamwaga maji moja kwa moja kijitoni. Mtaro ukikatwa mahali kadhaa na maji kuelekezwa kwenye majani, kwenye migomba, au kwenye matuta yaliyofuata kontua, maji yanapunguzwa mwendo na udongo unapata nafasi ya kunywa. Gharama yake ni ndogo kuliko zege. Ila kuna mipaka: maji yasielekezwe juu ya ukingo wenye nyufa, wala juu ya mteremko mkali wenye nyumba chini yake, wala karibu na vyoo vya shimo. Udongo huu unaokunywa vizuri ukilewa maji huporomoka.

Pendekezo ambalo huenda mtalisikia kwenye mkutano wa mtaa ni kupanua kijito na kukijengea kuta za zege. Litawasaidia nyinyi, hilo ni kweli. Lakini maji yatakimbia zaidi na kilele kitakuwa kikali zaidi kwa jirani zenu wa chini. Kama ni lazima lifanyike, basi liende pamoja na hatua za kuchelewesha maji huko juu.

Mwanao asije akaichukua hesabu hii na kuipeleka kwenye mto mkubwa. Ruaha Mdogo unapita Ipogolo, Iringa, ukiwa umekusanya maji ya zaidi ya kilomita za mraba elfu moja kutoka nyanda za Mufindi. Pale muda wa kuchelewa ni wa saa nyingi hata siku, na lami ya mji wa Iringa ni kipande kidogo cha dakio zima. Mji ule unaweza kuvuruga kabisa vijito vyake vidogo huku mto wenyewe ukionesha badiliko dogo sana. Kadiri mnavyoshuka kutoka kijito hadi mto, alama ya mji inazidi kufifia kwenye grafu.

Nyumba yako inahitaji mtu wa kuja kuiona. Kama msingi umeanza kuonekana upande wa kijito, kama ukingo umelika kwa chini na kuacha juu kumening'inia, au kuna ufa ardhini unaokwenda sambamba na kijito, usingoje mvua nyingine. Mwite mhandisi wa ujenzi wiki hii, na chumba cha upande huo kisilalwe. Ujue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima umbali wako mwenyewe kabla hujaanza kudai, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na heri ulijue jibu lake ukiwa nyumbani.

Mitaro ya barabara za mtaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Masuala ya kijito chenyewe ni ya bodi ya maji ya bonde. Vijito vya upande wa Nzovwe na Iyunga huteremka kwenda Mto Songwe na Ziwa Rukwa, kwa hiyo mnakwenda Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, ambayo iko hapo hapo Mbeya. Vinavyoteremka mashariki kuelekea Usangu ni vya Bonde la Rufiji. Wana vifaa vya kupima kasi ya maji kwa usahihi kuliko mbao, na wanaweza kuhakiki kipimo cha mwanao. Nendeni na daftari lenyewe, lenye saa, milimita na kina kama vilivyoandikwa siku ile, na msipeleke grafu iliyosafishwa peke yake. Kama mvua mbili au tatu zaidi zitapimwa kabla ya Aprili kwisha, kwa makopo yale yale na nguzo ile ile, mtakuwa na hoja nzito zaidi. Ila usiku asipime mtu. Mwanao asogee mbali na ukingo, asome alama kutoka juu, na maji yakipita alama ya mita 1 aache kazi hiyo na kuondoka pamoja nanyi.